Kisigino kinapouma: Soli ya dukani au ya kupimwa?

MFANYABIASHARA anayesimama kutwa kucha sokoni anaifahamu asubuhi ya namna hii. Anashuka kitandani, anakanyaga chini, na hatua ya kwanza inamchoma kisigino kana kwamba amekanyaga msumari. Akishatembea kidogo maumivu yanapungua. Mchana anauza vizuri. Jioni, akikaa kupumzika na kuhesabu fedha kisha akasimama tena, msumari unarudi.

Mama mmoja anayeuza nyanya katika soko moja mjini Moshi aliishi na hali hiyo kwa miezi mitano. Ana umri wa miaka 46, amenenepa kidogo, na husimama juu ya sakafu ya saruji tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni akiwa amevaa ndala. Mtu mmoja aliyemtazama miguu alimwambia kuwa nyayo zake ni bapa, kwamba hilo ndilo linalomtesa, na kwamba lazima atengenezewe soli za ndani za kupimwa. Gharama aliyotajiwa ilikuwa sawa na mtaji wake wa matenga kadhaa ya nyanya.

Kabla hajatoa fedha hizo alijiuliza swali ambalo wengi hawajiulizi: soli hiyo ya kupimwa itanirekebishia nini ambacho soli ya dukani haiwezi? Makala haya yanajibu swali lake, kwa sababu jibu lake linawahusu wakulima na wafanyabiashara wengi ambao miguu ndiyo nyenzo yao ya kwanza ya kazi.

Soli mbili, kazi mbili

Soli ya dukani ni ile inayouzwa ikiwa tayari, kwa namba ya kiatu. Kiwanda hutengeneza umbo moja kwa wote wanaovaa namba 39, jingine kwa namba 42, na kuendelea. Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni laini, ya sponji au silikoni, na kazi yake ni kupunguza mshindo tu. Ya pili ina umbo: mahali pa kisigino pamechimbwa kama kikombe, na upande wa ndani umeinuliwa kujaza uvungu wa wayo. Hii mara nyingi hutengenezwa kwa povu gumu linalofanana na lile la yeboyebo.

Soli ya kupimwa hutengenezwa kwa mguu wa mtu mmoja. Fundi wa viungo saidizi humlaza au kumkalisha mgonjwa, huushika mguu ukae sawa katika kifundo, kisha huuzungushia bendeji yenye plasta ya jasi. Plasta ikikauka huvuliwa, hujazwa jasi la maji, na hapo hupatikana sanamu ya wayo ule. Wengine hukanyagisha mguu kwenye sanduku la sponji laini inayobaki na alama.

Kazi kubwa huanza baada ya hapo. Fundi huongeza jasi kwenye sanamu mahali anapotaka soli isiguse, kwa mfano chini ya mfupa uliojitokeza, na hupunguza mahali anapotaka soli ibebe zaidi. Kisha huchoma plastiki au povu gumu katika tanuri hadi lilainike, hulilaza juu ya sanamu, hulikata na kulisaga. Mwishoni mgonjwa huitwa kujaribu, na soli husagwa tena pale inapobana.

Kwa hiyo unapolipia soli ya kupimwa hulipii plastiki. Unalipia macho na mikono ya mtu anayejua aongeze wapi na apunguze wapi. Kama aliyekupima alichukua alama ya mguu tu, hakukuangalia ukitembea, hakukunja kifundo chako wala kukuuliza maumivu yako wapi, hapo ulichouziwa kinakaribia kuwa soli ya dukani yenye bei kubwa.

Ambacho zote mbili haziwezi

Hapa ndipo watu wengi hupotezewa fedha. Soli, iwe ya dukani au ya kupimwa, haibadilishi umbo la mifupa ya mtu mzima. Inafanya kazi kama kabari unayoweka chini ya mguu wa meza. Meza inatulia wakati kabari ipo, na ukiitoa inayumba tena. Soli huhamisha uzito kutoka sehemu inayouma kwenda sehemu inayoweza kuubeba, na huzuia mguu usilale sana upande mmoja. Ukivua kiatu, mguu unarudi kuwa ule ule.

Hivyo hakuna soli itakayokujengea uvungu wa wayo kama hukuwa nao. Hakuna soli itakayonyoosha kidole gumba kilichopinda kuelekea vidole vingine. Anayekuahidi hayo anakuuzia maneno.

Jambo hilo linawagusa hasa wazazi. Watoto wadogo karibu wote huwa na nyayo bapa, kwa sababu uvungu hujengeka polepole katika miaka kumi ya mwanzo. Mwaka 1989 madaktari nchini Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watoto wenye umri kati ya mwaka mmoja na sita wenye nyayo bapa laini. Baadhi walivalishwa viatu maalumu au soli za kupimwa kwa miaka mitatu, na wengine hawakupewa chochote. Nyayo za makundi yote ziliboreka sawasawa. Mtoto ambaye wayo wake ni bapa lakini haumi, anacheza na kukimbia kama wenzake, haitaji soli ya aina yoyote. Anayelalamika maumivu, au ambaye wayo wake ni mgumu usiokunjika, huyo apelekwe hospitali.

Kipimo cha kusimama kwa vidole

Turudi kwa mama wa nyanya. Alikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye hakuanza na plasta. Alimwomba avue ndala, asimame ameshika ukuta, kisha ainue visigino na kusimama kwa vidole.

Kipimo hiki kila msomaji anaweza kukifanya nyumbani mtu mwingine akimtazama kwa nyuma. Mguu wenye wayo bapa laini, ukisimama kwa vidole, uvungu hujitokeza na kisigino huelekea kidogo upande wa ndani. Maana yake viungo vinacheza na kano zinafanya kazi. Kama uvungu hautokei kabisa na kisigino kimebaki kimelalia nje, wayo huo ni mgumu, au kano inayouinua imedhoofika.

Mama huyu aliinua visigino vyote viwili, uvungu ukatokea, na akaweza kurudia kwa mguu mmoja mmoja bila shida. Nyayo zake zilikuwa bapa tangu utotoni na hazikuwa zimemletea taabu kwa miaka arobaini. Hazikuwa ndizo zilizobadilika.

Kisha mtaalamu alibonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino, sehemu ya mbele kidogo upande wa ndani. Mama akaruka. Hapo ndipo unapoanzia ule ukanda mnene wa nyuzi unaotoka kwenye mfupa wa kisigino na kwenda hadi chini ya vidole. Ukanda huo ukivutwa kutwa nzima juu ya saruji, bila kiatu cha kushikilia kisigino, huchoka na kuuma pale unaposhikana na mfupa. Usiku wayo unapolala hujikunja, na asubuhi hatua ya kwanza huuvuta ghafla. Hiyo ndiyo sababu ya msumari wa asubuhi.

Utafiti unasema nini

Kwa ugonjwa huu, soli za dukani na za kupimwa zimeshindanishwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1999 nchini Marekani yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 236 waliogawanywa katika makundi. Wote walifanya mazoezi ya kunyoosha mguu. Kundi moja liliongezewa kipande cha silikoni cha kisigino kinachouzwa dukani, jingine likaongezewa soli ya plastiki ya kupimwa, na jingine likabaki na mazoezi tu. Baada ya wiki 8, waliopata nafuu kwa silikoni walikuwa asilimia 95, kwa mazoezi peke yake asilimia 72, na kwa soli ya kupimwa asilimia 68.

Wiki nane ni chache. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya wagonjwa 135 waliofuatiliwa kwa mwaka mzima. Wapo waliopewa sponji nyembamba isiyo na umbo, wapo waliopewa soli ngumu ya dukani, na wapo waliopewa ya kupimwa. Katika miezi mitatu, wenye soli ya dukani na wenye ya kupimwa walikuwa wakifanya shughuli zao vizuri kidogo kuliko wenye sponji, nao walikuwa sawa wao kwa wao. Ulipotimia mwaka, makundi yote matatu yalikuwa hayatofautiani.

Somo la tafiti hizo ni la kibiashara kabisa. Kwa maumivu ya kisigino ya kawaida, soli ya kupimwa haijaonyesha kwamba inastahili kununuliwa kwanza. Anza na ya dukani yenye umbo, ongeza mazoezi, na ujipe miezi mitatu.

Jinsi ya kuchagua ya dukani

Si kila soli iliyoko kwenye rafu inafaa. Ishike mkononi na ubonyeze kwa kidole gumba sehemu iliyoinuka ya uvungu. Ikizama yote mpaka chini, hiyo ni sponji ya kupunguza mshindo tu na haitaubeba mwili wako. Inatakiwa ikubali kidogo kisha ikusukume. Angalia kisigino: kiwe na ukingo unaokumbatia nyama ya kisigino pande zote, si bapa kama kadibodi.

Nenda dukani na kiatu chako. Toa kwanza soli ya zamani iliyomo ndani, ndipo uweke mpya. Wengi huweka moja juu ya nyingine, matokeo yake kisigino kinapanda na kuchomoka kiatuni au vidole vinabanwa juu. Simama na uhisi sehemu iliyoinuka iko wapi. Ikiwa inakuchoma mbele, karibu na mpira wa dole gumba, soli hiyo si ya urefu wa mguu wako hata kama namba ni yako.

Soli haina kazi katika ndala. Inahitaji kiatu kilichofunika kisigino, chenye nyuma ngumu isiyokunjika ukiibana kwa vidole, na chenye kamba au mkanda wa kushikilia mguu. Viatu vya michezo vya mitumba vinafaa mradi nyuma haijalegea na soli ya chini haijaisha upande mmoja. Mkulima anayevaa buti za mpira anaweza kuweka soli yenye umbo ndani yake, ila aitoe kila jioni ikauke, kwani unyevu huozesha na kuleta fangasi.

Mama wa nyanya alinunua soli ya povu gumu na kuivalia katika raba za mtumba. Siku ya kwanza aliivaa saa moja tu, ya pili saa mbili, akaongeza hivyo hivyo hadi akafika siku nzima. Mguu unahitaji kuzoea, na maumivu kidogo ya misuli siku za mwanzo ni ya kawaida. Malengelenge au maumivu mapya ya goti si ya kawaida. Ukiyaona, itoe.

Pamoja na soli alifanya zoezi moja. Kabla ya kukanyaga chini asubuhi, akiwa amekaa kitandani, aliweka mguu unaouma juu ya goti la pili, akashika vidole na kuvivuta kuelekea kwenye ugoko hadi ukanda wa chini ya wayo ukakaza. Alihesabu hadi kumi, akaachia, akarudia mara 10. Alifanya hivyo mara tatu kwa siku. Mezani kwake sokoni aliweka kigoda, na wateja wakipungua alikaa.

Wiki ya sita hatua ya asubuhi ilikuwa haimchomi tena bali inamvuta tu. Mwezi wa tatu alikuwa anasahau kwamba aliwahi kuumwa. Nyayo zake bado ni bapa kama zamani.

Wakati soli ya kupimwa haina mbadala

Pamoja na hayo, ingekuwa kosa kuondoka hapa ukidhani soli ya kupimwa ni anasa. Wako watu ambao soli ya dukani haitawasaidia, na wengine itawaumiza.

Wa kwanza ni mwenye mguu mgumu uliopinda, ama kwa ajali, ama kwa polio, ama kwa baridi yabisi. Soli ya dukani imetengenezwa kwa mguu wa wastani. Mguu wake si wa wastani, hivyo itamgusa mahali pawili na kumwacha hewani kwingine. Huyu anahitaji soli iliyofuata umbo lake jinsi lilivyo, si ya kulilazimisha linyooke.

Wa pili ni mtu mzima ambaye wayo mmoja, si yote miwili, umeanza kulala hivi karibuni. Anavimba na kuuma nyuma ya fundo la ndani la mguu, na akijaribu kusimama kwa vidole vya mguu huo peke yake hawezi. Huyo huenda kano inayoinua uvungu inachanika. Akigunduliwa mapema, soli ya kupimwa iliyoinuliwa upande wa ndani wa kisigino, au kifaa kinachopanda hadi juu ya kifundo, huipumzisha kano na huweza kumwepusha na upasuaji. Akikaa mwaka mzima akibadilisha soli za dukani, wayo huweza kukakamaa, na hapo hata ile ya kupimwa itabaki kuegemeza tu.

Wa tatu, na ndiye aliye hatarini zaidi, ni mgonjwa wa kisukari au wa ukoma aliyepoteza hisia kwenye nyayo. Kwake maumivu si kipimo tena. Soli ngumu ya dukani inaweza kumchubua kutwa asijue, akavua kiatu jioni na kukuta damu. Kidonda hicho ndicho huishia kukatwa mguu.

Kuna kipimo rahisi cha nyumbani ambacho madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, walikichapisha mwaka 2011. Mgonjwa afumbe macho. Mtu mwingine amguse kwa ncha ya kidole, taratibu bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya dole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho cha kila mguu. Jumla ni sehemu sita. Mgonjwa aseme kila anapohisi ameguswa. Asipohisi sehemu mbili au zaidi, hisia zimepungua na asijinunulie soli yoyote kabla ya kuonwa hospitali.

Mgonjwa huyu anahitaji soli pana yenye tabaka laini juu na gumu chini, iliyochimbwa mahali mfupa unapokandamiza, tena ndani ya kiatu chenye kina cha kutosha. Soli hutawanya uzito ili pasiwe na sehemu moja inayoumizwa. Lakini ikiwa kidonda kimeshafunguka, soli peke yake haikiponyi. Kinahitaji matibabu, na mara nyingi mguu kupumzishwa kabisa kwa kifaa maalumu. Kila jioni atazame nyayo zake kwa kioo, na kila asubuhi aingize mkono kiatuni kutafuta jiwe au msumari kabla ya kuvaa.

Jinsi ya kujua kazi imefanywa vizuri

Tanzania ina bahati ya kuwa na chuo cha TATCOT kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho tangu mwaka 1981 kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na viungo saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Ukielekezwa kutengenezewa soli, anza kuuliza katika hospitali ya mkoa au ya rufaa kama ina karakana ya viungo na fundi aliyesomea kazi hiyo.

Ukikabidhiwa soli usiondoke haraka. Ivae na utembee palepale. Kisigino kikae ndani ya kikombe bila kucheza. Uvungu uhisi umeshikiliwa, si kuchomwa. Ukingo wa mbele uishie kabla ya mpira wa wayo, isipokuwa kama fundi amekueleza kwa nini soli yako ni ndefu. Uliza siku ya kurudi, kwa kuwa marekebisho baada ya wiki chache ni sehemu ya kazi, na kabla hujalipa ujue kama marekebisho hayo yana malipo mengine.

Ukiwa nyumbani, dole gumba likipata wekundu usioisha dakika ishirini baada ya kuvua, au uvungu ukiuma zaidi kila siku badala ya kuzoea, soli imeinuliwa kupita kiasi. Usiisage mwenyewe kwa kisu. Irudishe.

Mama wa nyanya hakurudi kutafuta soli ya kupimwa. Zile za dukani alizozinunua zimeanza kubonyea kisiginoni, na ameshajua la kufanya: atakwenda dukani na raba zake mkononi, atatoa soli ya zamani, na atabonyeza mpya kwa kidole gumba kabla ya kufungua pochi.